Zakayo hakusema shetani alimpitia

Jumapili ya kwanza nilipoingia gereza la wilaya yetu kuhubiri, nilikuwa nimeandika kurasa sita. Niliacha simu getini, nikajiandikisha kwenye daftari la wageni, nikapekuliwa, kisha nikainama kupita kwenye kile kimlango kilichokatwa ndani ya lango kubwa. Uani walikuwa wameketi chini kwa mistari, wafungwa mbele kwa nguo zao za rangi ya machungwa, na nyuma yao mahabusu kwa nguo walizokamatwa nazo. Kwaya yao ilikuwa na ndoo ya plastiki iliyogeuzwa kuwa ngoma, na iliimba vizuri kuliko kwaya yetu ya usharika. Nilipewa dakika 40.

Nilianza kwa kusema, "Ninyi ambao mmetenda makosa na mko hapa kwa sababu ya makosa yenu." Baada ya ibada kijana mmoja wa mstari wa nyuma aliomba ruhusa ya kusema nami. Aliniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi kesi yangu haijaanza hata kusikilizwa. Nina miezi saba hapa. Nikisema nimetenda, nitakuwa nadanganya mbele za Mungu." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewahukumu watu ambao hakimu mwenyewe hajawahukumu, tena kwa jina la Bwana.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu sana na jambo moja ambalo wahubiri wageni hulikosea: siwaiti watu wasimame wataje makosa yao. Uani pale kuna masikio zaidi ya mia. Neno alilolisema mahabusu kwa machozi Jumapili linaweza kumrudia mahakamani. Na mfungwa aliyekata rufaa hana haja ya kuifuta ili aonekane ametubu. Mtu anaweza kuwa amekosa kweli na bado akawa na haki ya kuhoji ukubwa wa adhabu aliyopewa. Kwa kesi za kawaida za mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10. Nimekutana na mtu aliyeziacha siku hizo zipite kwa sababu mhubiri alimwambia akubali yaishe. Mhubiri yule hakurudi tena. Mfungwa alibaki na miaka yake.

Kurasa zangu sita nilizichoma. Jumapili iliyofuata nilikwenda mikono mitupu.

Kabla ibada haijaanza nilipita kwenye mistari kusalimia. Mstari wa pili alikuwapo mzee, nywele zote nyeupe, amekaa amekunja magoti. Mdomo wangu ulisema wenyewe, kama ambavyo ungesema mbele ya mzee yeyote kijijini kwetu: "Shikamoo, mzee wangu."

Hakujibu. Nilidhani hasikii vizuri, nikarudia. Aliniangalia, akamwangalia jirani yake kana kwamba huenda namsalimia huyo, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Marahaba." Kisha akafunika uso kwa kiganja. Baadaye nyapara aliniambia kwamba yule mzee ana miaka kumi na moja ndani, na maafande wengi wana umri wa wajukuu zake. Wanamwita kwa namba. Sisemi kwamba wanamchukia, ndivyo kazi yao ilivyo, wanahesabu watu asubuhi na jioni na namba ndiyo inayohesabika. Lakini miaka kumi na moja bila shikamoo ni muda mrefu kwa mzee wa Kiafrika.

Nilikwenda nyumbani nikaisoma upya habari ya Zakayo, Luka sura ya 19, nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita kwa miaka mingi. Huyu ni mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko, tajiri, na mji mzima unamjua kuwa ni mtu mwenye dhambi. Yuko juu ya mkuyu. Yesu anafika chini ya mti, na neno la kwanza linalotoka ni jina: Zakayo. Kisha anamwambia ashuke upesi, kwa kuwa leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Mpaka hapo Zakayo hajatubu. Hajarudisha hata senti moja. Jina limetangulia, ugeni umetangulia, na toba imekuja nyuma yake. Mimi nilikuwa nimegeuza mpangilio. Nilitaka watubu kwanza ndipo niwape heshima, kama zawadi ya mwisho wa ibada.

Kwa hiyo sasa naanza na salamu. Natumia dakika 10 nzima kati ya zile 40 kupita kwenye mistari, wazee kwa shikamoo, rika langu kwa "habari za tangu juzi, kaka", vijana naitikia shikamoo zao. Wapo ambao nimejua majina yao, nawaita kwa majina. Mhubiri mwenzangu aliyenisindikiza siku moja aliniambia napoteza muda wa Neno. Mimi naamini hilo ndilo Neno lenyewe, maana mtu ambaye hana jina hawezi kudaiwa. Huwezi kumwambia namba 214 arudishe kitu. Anayerudisha ni mtu.

Sehemu ya pili ya habari ya Zakayo ndiyo iliyonipa kazi miaka yote hii. Anasimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, anamrudishia mara nne. Torati ilikuwa na viwango. Hesabu sura ya 5 inasema aliyekosa akaungama mwenyewe alipe kile alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kutoka sura ya 22 inasema mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza alipe kondoo wanne. Kwa hesabu ya shilingi, aliyechukua 100,000 akaja mwenyewe kuungama analipa 120,000. Zakayo alikuwa amekuja mwenyewe, angeweza kudai kiwango hicho chepesi, naye akajipangia kile cha mwizi aliyeshikwa. Hakuna aliyemdai.

Na angalia alivyosema: "nimenyang'anya". Kitenzi kina mwenyewe. Nalisema hili kwa sababu gerezani nimegundua kwamba Kiswahili chetu kina vichaka vingi vya kujificha. "Shetani alinipitia." "Nilijikuta niko pale." "Fedha zikapotea." "Ikatokea bahati mbaya." "Ugomvi ukazuka, kisu kikamwingia." Kisu kimetembea chenyewe, fedha zimeondoka zenyewe, na shetani kapita kama gari. Sizungumzii waliosingiziwa, hao wapo. Nazungumzia mtu ambaye faraghani, bila afande wala hakimu, anakiri kwamba alifanya, lakini sentensi yake bado haina yeye ndani. Huyo anajuta, hilo kweli. Analia hata. Lakini majuto yanaweza kukaa miaka kumi moyoni mwa mtu bila kumgusa yule aliyeumizwa.

Nitasimulia habari ya mmoja wao, kwa ruhusa yake, bila jina.

Alikuwa mweka hazina wa kikoba cha watu 24, wengi wao akina mama wa sokoni. Kikoba kilikuwa na sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, kama inavyotakiwa. Kufuli hazikusaidia, kwa sababu siku ya kugawana ilipokaribia waliona sanduku limejaa mno, wakamkabidhi fedha akaziweke benki. Zilikuwa 1,920,000, ambayo ni 80,000 kwa kila mwanachama. Hazikufika benki. Alihukumiwa miaka mitatu.

Nilipomfahamu alikuwa na mwaka ndani na alikuwa anaongoza maombi. Alikuwa na ushuhuda mzuri sana: Mungu amenisamehe, deni langu limelipwa msalabani, na kifungo nakimaliza. Siku moja nikamuuliza, "Wale akina mama wana habari kwamba deni limelipwa?" Alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

Akaniambia kwamba yeye alishtakiwa na Jamhuri. Ni kweli, ndivyo jalada linavyosomeka, Jamhuri dhidi yake. Katika kesi ile akina mama hawakuwa wadai, walikuwa mashahidi. Mmoja, mjane anayeuza dagaa, alikuwa shahidi namba tatu wa upande wa mashtaka. Mfungwa akikaa miaka akimaliza, anahesabu kwamba amemalizana na Jamhuri, na shahidi namba tatu hayumo kwenye hesabu hiyo. Nikamwambia, "Kaka, namba yako wewe inakuuma. Yeye naye umemwacha na namba."

Wiki iliyofuata aliniomba karatasi.

Rasimu ya kwanza ya barua yake ilikuwa na ukurasa mzima na mistari minne ya Biblia. Sentensi iliyobeba jambo lenyewe ilisomeka hivi: "Ndugu zangu wapendwa, shetani alinipitia na fedha za kikundi zikapotea, naomba mnisamehe kama Kristo alivyotusamehe sote." Tulikaa chini ya ukuta, mimi na yeye na kalamu moja. Nikamuuliza, nani alizipoteza? Akakata "zikapotea", akaandika "nilizipoteza". Nikamuuliza, ulizidondosha njiani? Akakaa kimya muda mrefu. Kalamu yake ilikuwa inatikisika, nakumbuka alitoboa karatasi.

Rasimu ya tatu ndiyo iliyokwenda, na sehemu yake ya kwanza ilikuwa hivi: "Mlinikabidhi 1,920,000 nikaziweke benki. Sikwenda benki. Kwa sehemu kubwa nililipa deni langu la pikipiki na nyingine nikazinywa. Mliponiuliza niliwaambia mtandao wa benki unasumbua. Huo ulikuwa uongo."

Mistari ya Biblia ilitoka yote. Mimi ni mwinjilisti na niliitoa mimi mwenyewe, kwa sababu mle ndani ilikuwa inatumika kuwabana akina mama wasamehe. Hata "naomba mnisamehe" tuliibadilisha ikawa "siwadai msamaha, huo ni wenu."

Ikabaki ahadi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu mtu aliye ndani huahidi makubwa. Yeye alitaka kuahidi mara nne kama Zakayo, yaani 7,680,000. Nikamwambia Zakayo alikuwa tajiri na nyumba yake ilikuwa pale pale Yeriko. Wewe una nini? Alikuwa anajifunza useremala kwenye karakana ya gereza. Tukapiga hesabu ya fundi anayeanza bila vifaa vyake, tukaona 60,000 kwa mwezi inawezekana akijibana. Kwa kiwango hicho ile 1,920,000 inamalizika kwa miezi 32. Akaandika hivyo, akaongeza kwamba Mungu akimjalia atarudi na ile sehemu ya tano baadaye. Barua ilisomwa ofisini kama barua zote, ikagongwa muhuri.

Lakini sikuipeleka moja kwa moja, na sababu yake naiandika kwa uchungu. Miaka miwili kabla ya hapo mfungwa mwingine alinituma salamu za toba kwa familia ya kijana aliyemuua kwenye ugomvi wa pombe. Nilikwenda mbio, nikijiona nimebeba habari njema. Mama wa marehemu alifungua mlango, nikasema nimetoka gerezani na nimetumwa na nani. Alishika mhimili wa mlango, magoti yakamwishia. Binti yake akamwingiza ndani na kuniambia kwa upole kuliko nilivyostahili, "Baba, mama alikuwa ameanza kulala usingizi." Sikuwa nimeuliza kama wanataka kusikia. Nilimchukulia yule mama kama chombo cha kumalizia toba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo safari hii nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikoba nikamwambia tu kwamba ipo barua, na kwamba wakisema hawaitaki itarudi nilipoitoa, na hakuna atakayewalaumu. Walichukua wiki tatu. Ikiwa jambo ni la damu, au mtu amebaka, au amempiga mkewe, sipeleki kitu kabisa isipokuwa upande ulioumizwa uwe umeuliza wenyewe. Mfungwa anaweza kuandika barua ile na ikakaa kwenye Biblia yake. Toba yake haipungui kwa kukosa mpokeaji.

Wakati tunasubiri majibu ndipo lilipokuja swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa uani pale. Nilikuwa nafundisha hii hii habari ya kurudisha, na yule mzee wa shikamoo akanyoosha mkono. "Mwalimu, Yuda naye alirudisha."

Watu wote waligeuka kuniangalia. Ni kweli, Mathayo 27. Yuda alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha, tena akasema waziwazi nimekosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia. Kitenzi chake kina mwenyewe kuliko hata cha Zakayo. Kisha akaenda akajinyonga. Niliwaambia sina jibu, nitakuja nalo. Gerezani swali hilo si la darasani. Kila mmoja pale anamjua mtu aliyejaribu.

Nilisoma wiki nzima. Jumapili nikawaambia nilichokiona, nikisema wazi kwamba ni usomaji wangu. Zakayo alisema maneno yake akiwa na mgeni aliyekubali kuingia kwake. Yuda aliyasema maneno yake kwa wakuu wa makuhani, na jibu lao lilikuwa, hayo yatuhusu nini sisi, angalia mwenyewe. Alirudisha fedha kwa watu waliokuwa wamemtumia tu, wakamwacha aondoke peke yake na uzito ule. Nikawaomba jambo moja la vitendo: mwenzenu akianza kusema ukweli kuhusu alichofanya, usiku wake wa kwanza asiachwe peke yake. Akinyamaza ghafla, akigawa vitu vyake, akiacha kula, mwambieni nyapara na afande wa zamu usiku huo huo, msingoje Jumapili nije mimi. Mzee aliitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata nikasikia amehamishia mkeka wake karibu na yule mweka hazina.

Majibu ya kikoba yalikuja kwa mdomo wa mwenyekiti, nami niliyaandika ili nisiongeze wala kupunguza. Barua wameisoma mbele ya wote. Watano hawataki kumwona. Hatarudi kwenye kikundi wala hatashika tena sanduku la mtu yeyote wao wakijua. Akitoka, malipo ya kwanza yaende kwa mjane wa dagaa, kwa sababu alijitoa kikundini baada ya wizi ule na mtaji wake haukusimama tena. Msamaha hawakuutaja.

Nilimsomea. Nilitegemea aumie. Akaniambia, "Wamesema nianze na mama yule. Kumbe wananitegemea nitatoka nikalipe." Sikuwa nimeliona hilo.

Kwa tabia njema mfungwa hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, hivyo miaka yake mitatu ilikuwa miwili. Alitoka siku ya Jumanne na mfuko wa plastiki. Nawaambia walio ndani ukweli kuhusu uraiani, kwamba mwezi wa kwanza ni mgumu kuliko mwezi wa mwisho. Huyu alinyimwa chumba mara mbili walipojua alikotoka. Fundi mmoja wa mtaani alimkubali kwa sharti la kulala karakanani kama mlinzi. Mwezi wa kwanza hakupata 60,000, alipata 25,000, akataka kujificha mpaka zitimie. Nilimkatalia. Tulimpelekea mwenyekiti 20,000 na maelezo ya zile nyingine, kwa sababu alichowafanyia mwanzo ilikuwa ni kunyamaza na kusingizia mtandao.

Mara ya nne nilimsindikiza. Mjane wa dagaa alikuwa barazani kwake, katibu wa kikoba amekaa pembeni na kaunta buku. Hakutukaribisha ndani. Alizipokea noti, akazihesabu mara mbili, moja moja, akizinyoosha kwenye goti lake. Katibu akaandika tarehe na kiasi, mlipaji na mama wakatia sahihi, mlipaji kwa kalamu na mama kwa kidole gumba. Tulipokuwa tunageuka kuondoka mama akasema, bado akiangalia kaunta buku:

"Fundi. Kitanda cha mwanangu kimelegea mguu. Utapita lini?"

"Kesho asubuhi, mama."

"Uje na misumari yako. Sina hela ya misumari."